Maneno 78 ya Ziada

Wasimamizi wa tasinifu wana neno ambalo wanafunzi wao wote wanalijua: "punguza." Linaandikwa pembeni mwa ukurasa, mara nyingi bila maelezo. Mwanafunzi anarudi na sura yake, anaisoma mwanzo hadi mwisho, na haoni cha kupunguza. Kila sentensi ina jambo ndani yake. Akiifuta, jambo linapotea. Kwa hiyo anafuta mfano mmoja au nukuu moja, yaani anaondoa nyama na kuacha maji, kisha anarudisha kazi ambayo msimamizi ataiandikia neno lilelile.

Shida ni kwamba maneno ya ziada katika Kiswahili cha kitaaluma hayajikusanyi mahali pamoja ambapo yangeonekana. Yanakaa ndani ya sentensi zenye jambo la kweli, na mara nyingi yanakaa mbele ya kitenzi. Ukitaka kuyaona, inabidi uichukue aya moja na kuisoma neno kwa neno. Hii hapa nimeitunga kwa mfano wa rasimu ambazo huwa nazisoma. Takwimu zake ni za mfano tu, lakini lugha yake mtu yeyote aliyepita chuoni ataitambua.

"Katika ulimwengu wa sasa wa sayansi na teknolojia, ni jambo lisilopingika kwamba suala zima la matumizi ya dawa ni suala muhimu sana kwa binadamu yeyote yule. Katika kuhakikisha kwamba malengo ya utafiti huu yanaweza kufikiwa, mtafiti aliweza kufanya zoezi la mahojiano na jumla ya wateja wapatao 20 kutoka katika maduka mawili ya dawa yaliyopo katika Manispaa ya Morogoro. Kutokana na mahojiano hayo yaliyofanyika, iliweza kubainika kwamba kuna uwepo wa baadhi ya wateja ambao hawana uelewa wa kutosha kuhusiana na maana ya alama ya 1×3 ambayo huwa inaandikwa juu ya bahasha ya dawa. Hivyo basi, wateja 9 kati ya wateja hao 20 waliohojiwa walitoa maelezo ya kwamba wao huwa wanakunywa vidonge vyote vitatu kwa wakati mmoja. Kwa mujibu wa mfamasia mmoja anaeleza kuwa hali hii ya kutokuelewa maelekezo inaweza ikawa inachangiwa na sababu mbalimbali kama vile haraka ya mtoa dawa n.k."

Maneno 140. Utafiti wenyewe ni mzuri. Alama ya 1×3 kwenye bahasha ya dawa maana yake ni kidonge kimoja mara tatu kwa siku, na mtu anayemeza vitatu kwa mpigo yuko hatarini. Mwanafunzi amegundua jambo lenye uzito, lakini msomaji analifikia akiwa amechoka.

Sentensi ya kwanza inaondoka yote. Kipimo chake ni chepesi: badilisha "dawa" uweke "maji", "elimu", "barabara" au "michezo". Sentensi inabaki sahihi kila mara. Maneno yanayoweza kuhamia kwenye tasinifu ya mtu mwingine bila kubadilika hayasemi lolote kuhusu tasinifu yako. Mwanafunzi huyaandika kwa sababu anahisi hawezi kumvamia msomaji na jambo lake ghafla. Hisia hiyo ni ya haki, kwa maana Mswahili haingii nyumbani mwa mtu bila hodi. Ila katika utafiti hodi inayofaa ni taarifa inayolihusu jambo lenyewe. Aya ingeweza kufunguliwa kwa kueleza kwamba watoa dawa huandika 1×3 kwenye bahasha ili kumwelekeza mgonjwa ameze kidonge kimoja mara tatu kwa siku. Huo nao ni utangulizi, na hauwezi kuhamia kwenye tasinifu ya barabara.

Sentensi ya pili ndiyo inayofundisha zaidi. Tazama maneno haya sita: "aliweza kufanya zoezi la mahojiano na." Yote kwa pamoja yanafanya kazi ya neno moja, "aliwahoji". Kitenzi cha Kiswahili kinabeba mengi. Ndani ya "aliwahoji" yumo mtenda, umo wakati uliopita, wamo waliotendewa, na limo tendo lenyewe. Mwandishi anapolitoa tendo kwenye kitenzi na kuligeuza nomino, "mahojiano", kitenzi kinabaki kitupu na inabidi atafute kingine cha kukijazia nafasi. Kinachopatikana kwa haraka ni "kufanya". Kisha "kufanya mahojiano" kunaonekana kwepesi mno kwa kazi ya chuo, basi anaongeza "zoezi la". Halafu "alifanya" nako kunaonekana kukavu, anaongeza "aliweza". Kila tabaka limewekwa ili kuficha udhaifu wa tabaka lililotangulia.

Ndiyo maana mtu akitaka kupunguza rasimu, asianze na maneno. Aanze na vitenzi. Katika kila sentensi ajiulize ni nani aliyefanya nini, kisha alitafute tendo hilo limejificha katika nomino ipi. "Kufanya uchunguzi" kunarudi kuwa "kuchunguza". "Kutoa maelezo" kunakuwa "kueleza". "Kufikia uamuzi wa" kunakuwa "kuamua". "Kuwa na uelewa" kunakuwa "kuelewa". Kitenzi kikisharudi mahali pake, maneno yaliyokuwa yanakishikilia huanguka yenyewe, wala hakuna haja ya kuyawinda moja moja.

Neno "aliweza" linahitaji uangalifu wa peke yake, kwa sababu si kila mara ni la ziada. Mtu akiandika "mtafiti aliweza kufika kijijini licha ya mafuriko", kitenzi hicho kinasema palikuwa na kizuizi na kikashindwa. Kukiondoa ni kupoteza habari. Lakini katika maduka ya dawa ya Morogoro hatukuambiwa kizuizi chochote, na mahojiano yalifanyika kama yalivyopangwa. Hapo "aliweza" halina wa kumshinda. Vivyo hivyo "iliweza kubainika" na "yanaweza kufikiwa". Katika aya ile moja kitenzi hiki kimetokea mara nne, na ni mahali pamoja tu, kwenye sentensi ya mwisho, ambapo kina kazi ya kweli. Tutarudi hapo.

Katika sentensi hiyohiyo ya pili kuna kosa jingine lililojificha ndani ya maneno mengi. "Jumla ya wateja wapatao 20." Neno "jumla" linatangaza kwamba mtu amehesabu. Neno "wapatao" linasema amekadiria. Yote mawili hayawezi kuwa kweli kwa pamoja. Kama mtafiti aliwahoji wateja 20, aandike "wateja 20". Kama hakumbuki, arudi kwenye daftari lake la uwandani. Mtahini makini akiliona neno "wapatao" mbele ya sampuli ya watu 20 atauliza, na atakuwa na haki: watu 20 hawakadiriwi.

Kwenye sentensi ya tatu tunakutana na "kuna uwepo wa". Neno "kuna" tayari limeshasema kitu kipo, kwa hiyo "uwepo" umekuja kusema hivyo kwa mara ya pili. "Mahojiano hayo yaliyofanyika" nayo ni vilevile, maana mahojiano ambayo hayakufanyika yasingetoa matokeo. Halafu kuna "huwa inaandikwa". Kiswahili kina kiambishi cha mazoea, "hu-", kinachosema yote hayo kwa silabi moja: "huandikwa". Katika sentensi inayofuata "wao huwa wanakunywa" kunakuwa "hunywa", na maneno matatu yamekuwa moja bila msomaji kupoteza chochote.

Sasa "hivyo basi". Neno hili la kuunganisha linaahidi kwamba kinachofuata ni matokeo ya kilichotangulia. Lakini idadi ya wateja 9 haikutokana na sentensi ya juu yake. Ni maelezo yake tu, yanayofafanua "baadhi" walikuwa wangapi. Viunganishi vya aina hii ni hatari kuliko maneno matupu, kwa kuwa neno tupu linampotezea msomaji muda tu, ilhali kiunganishi kisicho na sababu kinampotosha kuhusu mantiki ya hoja. Ninaposoma rasimu huzungushia duara kila "hivyo basi", "kwa hiyo" na "hata hivyo", kisha namuuliza mwandishi kama anaweza kunionesha uhusiano huo kwa kidole. Akishindwa, neno linatoka. Akiweza, linabaki, hata kama aya itarefuka.

Sentensi ya mwisho ina kosa ambalo limeenea kiasi kwamba wengi hawalioni tena: "Kwa mujibu wa mfamasia mmoja anaeleza kuwa." Hapa sentensi mbili zimegongana. Ya kwanza ilikuwa "Kwa mujibu wa mfamasia mmoja, hali hii inachangiwa na…" Ya pili ilikuwa "Mfamasia mmoja anaeleza kuwa hali hii inachangiwa na…" Mwandishi ameanza na moja akamaliza na nyingine, na matokeo yake kitenzi "anaeleza" hakina mtenda, kwa sababu mfamasia ameshashikwa na "kwa mujibu wa". Mtindo huu hujaa hasa kwenye sura ya mapitio ya kazi tangulizi, ambako kila aya huanza na jina la mtaalamu na mwaka kwenye mabano. Mwandishi achague njia moja. Na akizichanganya njia hizo mbili kwa zamu katika kurasa, mara "kwa mujibu wa", mara "fulani anaeleza", sura yake itasomeka vizuri zaidi.

Mwisho kabisa ni "sababu mbalimbali kama vile haraka ya mtoa dawa n.k." Zimeahidiwa sababu nyingi, imetolewa moja, kisha "n.k." imewekwa ili ionekane zipo nyingine. Je, mfamasia alizitaja? Kama alizitaja, mwanafunzi aziandike, kwa sababu hizo ndizo data zake. Kama hakuzitaja, "mbalimbali" na "n.k." ni madai ambayo utafiti haujayathibitisha. Hapa kupunguza maneno si suala la urembo wa lugha tena, ni suala la ukweli wa matokeo.

Baada ya kupita njia hiyo yote, aya inabaki hivi:

"Mtafiti aliwahoji wateja 20 katika maduka mawili ya dawa yaliyopo Manispaa ya Morogoro. Mahojiano hayo yalionesha kwamba baadhi ya wateja hawaelewi vizuri maana ya alama ya 1×3 inayoandikwa kwenye bahasha ya dawa. Wateja 9 kati ya 20 walieleza kwamba hunywa vidonge vyote vitatu vya siku kwa wakati mmoja. Kwa mujibu wa mfamasia mmoja, huenda hali hii inachangiwa na haraka ya mtoa dawa."

Maneno 62. Yameondoka 78, na hakuna hata jambo moja la utafiti lililoondoka nayo. Tena kuna mahali maneno yameongezeka. Katika rasimu ya kwanza iliandikwa "vidonge vyote vitatu", na mtu mwenye haraka ya kufuta angeliona neno "vyote" kuwa la ziada. Lakini bila hilo msomaji hajui kama wateja humeza dozi nzima ya siku kwa mara moja au humeza vitatu kila mara. Kwa hiyo "vyote" limebaki, na "vya siku" yameongezwa ili maana isiyumbe.

Angalia pia kwamba "hali hii" imebaki. Baadhi ya walimu huwapa wanafunzi orodha ya maneno ya kufuta, na neno "hali" huwa miongoni mwake. Orodha hizo zinasaidia kuanzia, ila zina kikomo. Katika "hali ya ukosefu wa maji", neno hilo halifanyi kazi, kwa kuwa "ukosefu wa maji" unatosha. Katika "hali hii" linarejelea jambo zima lililoelezwa kwenye sentensi iliyotangulia, na bila hilo mwandishi angelazimika kulirudia jambo lote. Neno ni lilelile, kazi ni mbili tofauti.

Mazoea haya hayakutoka hewani. Kwa miaka mingi mwanafunzi amepimwa kwa urefu. Nchini Kenya, mtahiniwa wa karatasi ya insha ya KCSE huelekezwa kwamba insha yake isipungue maneno 400, na mtoto aliyemaliza la kusema kwenye neno la 310 hujifunza haraka jinsi ya kuzifikia 400. Anaingia chuoni na ujuzi huo akiwa ameukomaza. Chanzo cha pili ni hotuba. "Suala zima la", "kwa namna moja au nyingine", "napenda kuchukua fursa hii", "ni jambo lisilopingika" ni lugha ya jukwaani, ya bungeni, ya mahafali. Na jukwaani ina kazi yake: inampa msemaji muda wa kulifikiria neno linalofuata, na inampa msikilizaji nafasi ya kumeza lililotangulia, maana msikilizaji hawezi kurudi nyuma. Msomaji anaweza. Akitaka kutulia anatulia, akitaka kurudia anarudia. Kwenye karatasi maneno hayo yamepoteza kazi iliyoyaleta duniani.

Wapo wanaosikia ushauri huu wakaenda mbali mno. Aya ileile inaweza kufyekwa ikawa hivi:

"Wateja 20 walihojiwa. Maduka yalikuwa mawili. Wateja 9 hawaelewi 1×3. Hunywa vidonge vitatu pamoja. Chanzo ni haraka ya mtoa dawa."

Ni maneno 20 tu, lakini huu si muhtasari wa aya ya kwanza. Ni madai mapya. "Walieleza kwamba hunywa" imekuwa "hunywa", kana kwamba mtafiti alikaa nyumbani kwa wateja akawaona wakimeza. Mfamasia ametoweka, na maoni yake yamekuwa ukweli wa mtafiti. "Huenda" imetoweka, na dhana imekuwa chanzo kilichothibitishwa. Morogoro haipo, kwa hiyo msomaji anaweza kudhani ni nchi nzima. Maneno yanayoonesha nani alisema, wapi, kwa kiasi gani na kwa uhakika gani ndiyo yanayoifanya kazi iwe ya kitaaluma. Kwa mbali yanafanana na maneno ya ziada, kwa sababu nayo ni madogo na yanazunguka kitenzi. Tofauti inajulikana kwa kuuliza: nikiliondoa neno hili, je, dai langu linabadilika? Ukiondoa "suala zima la", dai halibadiliki. Ukiondoa "huenda", linabadilika.

Hapo ndipo lile "inaweza ikawa inachangiwa" la mwanzo linapopata maelezo yake. Mwandishi alikuwa na wasiwasi wa haki, kwamba haijathibitishwa. Lakini alilionesha shaka hilo kwa tabaka mbili, "inaweza" na "ikawa". Shaka likisemwa mara moja linatosha, na "huenda" peke yake imelibeba.

Kuna wengine wanaoharibu kwa njia ya kinyume. Wameambiwa wafupishe, wakaona kufupisha ni kutafuta neno zito litakalochukua nafasi ya maneno mepesi. Ndipo unapokutana na sentensi kama "Ung'amuzi hafifu wa wateja unatanabahisha mustakabali tata wa tiba." Ni fupi kweli, lakini mwanafunzi wa mwaka wa tatu hazungumzi hivyo, haandiki hivyo kwenye kurasa nyingine, na akiulizwa siku ya kutetea kazi yake alimaanisha nini na "mustakabali tata", atababaika. Lugha ya kitaaluma ya mwanafunzi ina kimo chake. Ina "mtafiti", ina "kwa mujibu wa", ina "baadhi", ina "matokeo yalionesha". Ni maneno ya kawaida yaliyovaa vizuri. Aya ya maneno 62 ingeweza kuandikwa na mwanafunzi yuleyule aliyeandika ya maneno 140, na ndivyo inavyotakiwa iwe. Kama ukurasa uliopunguzwa unasikika kama wa mtu mwingine, kupunguza kumepita mpaka.

Kuhusu namna ya kulifanya jambo hili kwenye kazi yenye kurasa mia moja, ningemshauri mwanafunzi asipunguze huku akiandika. Rasimu ya kwanza iachwe ijae, kwa kuwa mtu anayejihariri kila sentensi hamalizi sura. Sura ikikamilika, ailaze siku mbili tatu, kisha aifungue kwenye kompyuta na abonyeze Ctrl+F. Katika Kiswahili mzizi wa kitenzi hukaa katikati ya neno, kwa hiyo akitafuta "kuweza" atakosa mengi. Atafute "weza", na zitajitokeza "aliweza", "inaweza", "wangeweza" zote. Kwa upande mwingine, akitafuta "hali" peke yake ataletewa "mahali", "halisi" na "uhalifu", basi ni heri atafute "hali ya". Baada ya hapo aende kwa "suala", "zoezi", "uwepo", "huwa", "mbalimbali". Kila neno likijitokeza aisome sentensi nzima na kuamua. Asitumie amri ya kubadilisha yote kwa pamoja. Tumeona "hali" mbili zisizofanana, na kompyuta haiwezi kuzitofautisha.

Mtego mmoja wa sarufi unawanasa wengi wanapofika kwenye "ambao" na "ambayo". Ni kweli kwamba "alama ambayo inaandikwa" inaweza kuwa "alama inayoandikwa", na tumeokoa neno. Lakini urejeshi huo wa ndani ya kitenzi una mipaka yake. Unakubali "-na-", "-li-", "-taka-" na ukanushi wa "-si-": wanaohojiwa, waliohojiwa, watakaohojiwa, wasiohojiwa. Haukubali "-me-" wala "-nge-" katika Kiswahili sanifu cha leo. "Wateja ambao wamehojiwa" haina njia ya mkato, labda wakati wenyewe ubadilike. Mwanafunzi anayefuta kila "ambao" kwa hasira atazalisha vitenzi visivyokuwepo.

Mtego mwingine ni wa upatanisho. Wanafunzi wengi wamefundishwa kwamba kurudia neno ni ufinyu wa msamiati, basi wanapopunguza huanza kufuta nomino na kuweka "hiyo" au "yake". Katika aya yetu zipo "alama", "bahasha" na "dawa", na zote tatu zimo katika ngeli moja. Akiandika "wateja hawaielewi hiyo", msomaji hawezi kujua ni ipi kati ya hizo tatu. Katika tasinifu, istilahi irudiwe bila aibu. Kama ni "alama", iitwe alama mwanzo hadi mwisho, isigeuke "ishara" kwenye ukurasa wa 40 na "kiashiria" kwenye ukurasa wa 52, maana msomaji atadhani ni vitu vitatu.

Baada ya yote haya, sura iliyokuwa na kurasa 30 inaweza kushuka chini ya 20, na hapo mwanafunzi huingiwa na hofu. Idara inataka kazi yenye urefu fulani, naye sasa amepungukiwa. Ushauri wangu ni aisome upya ile aya fupi, kwa sababu sasa inaonesha kitu ambacho ile ndefu ilikuwa imekifunika. Wateja 9 kati ya 20 hunywa vidonge vyote kwa wakati mmoja. Wale 11 waliobaki walieleza nini? Je, wote walijua kwamba 1×3 ni kidonge kimoja mara tatu, au wapo waliosema kila baada ya siku tatu, au siku tatu mfululizo? Je, waliopatia waliambiwa kwa mdomo dukani, au waliisoma bahasha wenyewe? Majibu yamo kwenye daftari la mahojiano, na hayakuingia kwenye sura kwa sababu nafasi yao ilikuwa imekaliwa na sayansi na teknolojia. Ukurasa mmoja wa maneno ya wateja hao wenyewe, yakiwa yamenukuliwa na kuchambuliwa, unatosha kuanza kuzirudisha kurasa zilizopungua.